Pamba ya Kahawia Inasema Nusu

Kuna onyesho moja ambalo walimu wa sayansi na wahamasishaji wa afya hulipenda sana, na wana haki ya kulipenda, maana ni rahisi na halisahauliki. Chupa tupu ya maji ya lita 1.5 hutobolewa chini kwa msumari, tundu likazibwa kwa kidole, kisha chupa ikajazwa maji. Mdomoni huwekwa pamba safi na sigara hupachikwa juu yake. Sigara ikishawashwa, kidole kinaachiwa. Maji yanapotoka chini, hewa inavutwa kutoka juu kupitia kwenye sigara, na sigara inajivuta yenyewe mpaka chupa ijae moshi mweupe. Pamba ikitolewa ni ya kahawia, inanata na inanuka. Mwalimu anaiinua juu na kusema: hiki ndicho kinachobaki mapafuni.

Ni kweli. Lakini mwanafunzi anaondoka na somo la pili ambalo mwalimu hakulikusudia: kwamba ubaya wa moshi ni ule uchafu wa kahawia, na kwamba pamba imeuzuia. Kutoka hapo ni hatua moja tu hadi kwa kijana wa stendi ya Sabasaba jijini Dodoma anayenunua sigara moja moja na kujifariji kwamba yake "ina kichungi". Kichungi si pamba? Pamba si ilishika?

Moshi wa tumbaku ni vitu viwili vinavyosafiri pamoja. Kuna matone madogo mno ya kimiminika kizito, ndiyo yanayoufanya moshi uonekane, na yakikusanywa huitwa lami. Kuna pia gesi isiyoonekana inayoyabeba matone hayo. Pamba hushika matone, si gesi. Na gesi ndiyo sehemu kubwa: katika kila gramu 100 za moshi unaovutwa, matone hayazidi gramu 5 hivi. Sehemu kubwa ya hizo zinazobaki ni hewa ya kawaida, yaani naitrojeni na oksijeni, pamoja na kaboni dayoksidi na kaboni monoksidi. Ila ndani ya masalia yake mna kemikali kadhaa zinazosababisha saratani, na hizo hupita kwenye pamba kama vile haipo.

Kabla ya kuzifuata, swali moja lifutwe kwanza, maana linapotosha watu wengi: "Viwandani wanaweka nini humo?" Wanaouliza hivyo huwa na jibu tayari, kwamba msokoto wa tumbaku ya shambani, au kiko cha mzee, ni salama zaidi kwa kuwa havina kemikali za kiwandani. Kwa sehemu kubwa kemikali hizi hakuna aliyeziweka. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 zinajulikana kusababisha saratani kwa binadamu au kwa wanyama wa maabara. Nyingi kati ya hizo hazikuwemo kwenye jani. Zimezaliwa motoni.

Aliyewahi kuona tanuri la mkaa huko Chamwino au Manyoni anaweza kuelewa hili haraka. Magogo hupangwa, hufunikwa nyasi na udongo, huwashwa, halafu hewa hubanwa. Kuni haziungui zikaisha, zinaokwa. Ndiyo maana tanuri hutoa moshi mzito wenye kuwasha macho, na udongo ulio karibu na tundu la moshi huganda utomvu mweusi. Sigara ni tanuri dogo la aina hiyo. Mtu anapovuta, kingo za kaa lake hupita nyuzi 900 za selsiasi. Kaa hilo hula oksijeni karibu yote inayoingia, hivyo nyuma yake, sentimita moja hivi kuelekea mdomoni, kuna ukanda wa joto la nyuzi 200 hadi 600 ambao hauna hewa ya kutosha. Hapo jani haliungui, linaokwa. Sukari, selulosi, protini na nta ya jani vinavunjika vipande vipande, na vipande vinaungana upya kwa namna elfu moja. Mvuke unaotoka, ukifika sehemu iliyopoa, unaganda kuwa matone. Jani la kiwandani na la shambani huokwa vilevile.

Sasa turudi kwenye pamba. Maabara zinazopima sigara hufanya jambo lilelile la chupa, ila kwa vipimo. Sigara huhifadhiwa kwanza saa 48 au zaidi katika nyuzi 22 na unyevu wa hewa wa asilimia 60. Kisha mashine huivuta mililita 35 kwa sekunde 2, mara moja kila dakika, mpaka kaa lifike karibu na kichungi. Badala ya pamba kuna pedi ya nyuzi za kioo inayoshika karibu kila tone. Pedi hupimwa uzito kabla na baada. Tuseme sigara moja imeiongezea pedi miligramu 16. Ndani yake maji ni miligramu 2 na nikotini ni miligramu 1. Vikiondolewa hivyo, zinabaki 13, na hizo ndizo zinazoitwa lami.

Itazame hesabu hiyo vizuri. Lami si kemikali. Ni salio la kutoa: kila kilichonaswa na pedi, ukiondoa maji na nikotini. Sigara mbili zinaweza kuwa na lami ya miligramu 13 kila moja huku yaliyomo ndani yakitofautiana sana. Na gesi, kwa kuwa haikunaswa na pedi, haimo kabisa katika hesabu. Mtu akikwambia sigara hii ina "lami kidogo", amekueleza uzito wa kitu asichokijua, na hajasema lolote kuhusu sehemu ile nyingine.

Onyesho la chupa linakosea vipimo hivi kwa njia mbili ambazo mwalimu anaweza kuzirekebisha. Kwanza, maji huachiwa yamwagike mfululizo, kwa hiyo sigara huvutwa bila kupumzika na kuungua haraka kuliko ilivyo kinywani mwa mtu. Dawa yake ni kuchora mistari kwenye chupa kila baada ya mililita 35, kwa bomba la sindano na kalamu ya wino usiofutika, kisha kuachia maji mstari mmoja kwa dakika. Sigara moja itamaliza mistari minane hadi kumi, yaani mililita 350 hivi, lita 1.5 zote hazihitajiki. Pili, Dodoma ya Agosti ni kavu. Sigara iliyokaa siku nzima juani kwenye boksi lililofunguliwa la machinga imepoteza unyevu, inaungua upesi na kumaliza mikupuo michache. Darasa moja likitumia sigara ya boksi jipya na lingine likatumia ya boksi la juzi, pamba zitatofautiana rangi na watu watabishana bure. Tena wasijaribu kuipima pamba kwa mizani ya shule inayosoma sehemu ya mia ya gramu: lami ya sigara moja itaisogeza tarakimu moja tu, na unyevu unaoingia kwenye pamba unaweza kufanya hivyo hivyo.

Ndani ya lami hiyo kuna majina mawili yanayostahili kufahamika kuliko mengine.

La kwanza ni benzopirini. Ni bapa la pete tano za kaboni zilizoshikana, na huzaliwa popote majani, mti au nyama vinapoungua bila hewa ya kutosha. Katika moshi wa sigara moja hupatikana kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu. Kwa kawaida hazizidi makumi machache. Yenyewe ikiwa imetulia haina ukali wa kutisha. Shida huanza pale mwili unapojaribu kuiondoa. Benzopirini haiyeyuki katika maji, kwa hiyo vimeng'enya vya mapafu na ini huibandika oksijeni ili iyeyuke na kutoka kwa mkojo. Katikati ya kazi hiyo hutokea umbo moja kali ambalo, likiikuta DNA, hung'ang'ania herufi yake moja, guanini. Seli ikigawanyika kabla ya kufanyiwa ukarabati, herufi husomwa vibaya. Mwaka 1996 Mikhail Denissenko, Gerd Pfeifer na wenzao waliichukua jeni inayoitwa p53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zilizoharibika zisiendelee kugawanyika, wakaangalia umbo hilo linabandika wapi. Lilipenda kubandika hasa katika nafasi 157, 248 na 273, na hizo ndizo nafasi ambazo mara nyingi hukutwa zimeharibika katika saratani ya mapafu.

Atatokea wa kusema: basi hata moshi wa kuni jikoni una benzopirini. Ndiyo, unayo, na mama anayepika kwa mafiga ndani ya nyumba isiyo na dirisha ana sababu ya kulalamika. Lakini jina la pili halimo kwenye kuni.

Hilo ni NNK, nitrosamini inayotokana na nikotini yenyewe, na pamoja na ndugu yake NNN imo katika kundi la kwanza la Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Upekee wake ni kwamba sehemu kubwa haizaliwi motoni, bali wakati wa kukausha jani. Nikotini ikikutana na oksidi za naitrojeni, au na naitriti inayotengenezwa na bakteria kwenye jani bichi, hubadilika. Hapa namna ya kukausha ina maneno. Tumbaku ya mvuke ya Urambo na Kaliua hukaushwa ndani ya bani ambamo moto wa kuni unapita kwenye mabomba na moshi kutoka kwa dohani, usiguse majani. Nchini Marekani wakulima walitumia kwa miaka mingi majiko ya gesi yaliyopuliza hewa yake ya moto moja kwa moja kwenye tumbaku, na oksidi za naitrojeni za majiko hayo zikapandisha nitrosamini. Karibu na mwaka 2000 mabani yao yalibadilishwa, joto likawa linapita kwanza kwenye bomba, na kiwango kikashuka sana. Kwa hiyo bani lenye bomba lililotoboka si hasara ya rangi ya jani peke yake. Na tumbaku ya moshi, kama ya Namtumbo, ambayo hukaushwa kwa kufukizwa makusudi, hubeba benzopirini kabla hata ya kiberiti kuwashwa. Wanaonusa ugoro wakidhani wamemkwepa shetani kwa kutowasha moto wamekwepa kaboni monoksidi na benzopirini ya motoni, lakini NNK na NNN zimo humo humo.

Kwenye lami kuna mengine: amini zinazohusishwa na saratani ya kibofu cha mkojo, kadimi ambayo mmea huinyonya udongoni, hata poloni-210 yenye mnururisho. Yatosha kuyataja.

Basi pamba imeshika hayo, tuseme yote. Nini kimepita?

Imepita kaboni monoksidi, miligramu 10 hadi 20 kwa sigara moja. Hii haisababishi saratani. Kazi yake ni kukalia nafasi ya oksijeni katika damu na kuuchosha moyo. Imepita 1,3-butadini, makumi ya maikrogramu. Imepita benzini, makumi ya maikrogramu pia, ile ile ambayo viwandani wafanyakazi hulindwa nayo kwa kuwa husababisha saratani ya damu. Imepita asetaldehaidi, mamia ya maikrogramu, na fomaldehaidi. Imepita akrolini, ambayo ndiyo hasa inayochoma macho na koo, na ambayo hupooza vinyweleo vinavyofagia makohozi kutoka mapafuni. Butadini, benzini na fomaldehaidi zote zimo katika lile kundi la kwanza.

Maikrogramu moja ni nanogramu 1,000. Sigara yenye nanogramu 10 za benzopirini na maikrogramu 40 za butadini ina butadini mara 4,000 kwa uzito. Hapa lazima tuwe waangalifu: uzito si ukali. Kiasi kidogo mno cha NNK kinaweza kufanya kazi ambayo benzini nyingi haifanyi. Mwaka 2003 Jefferson Fowles na Erik Dybing walijaribu kuzidisha kiasi cha kila kemikali kwa ukali wake ili kuona ipi inabeba mzigo mkubwa wa hatari ya saratani. Kileleni haikuwa benzopirini wala lami yoyote. Ilikuwa 1,3-butadini, gesi. Hesabu ya namna hiyo ina udhaifu wake, maana ukali wenyewe hutokana na wanyama na wafanyakazi wa viwandani waliovuta kemikali moja moja, ilhali mvutaji huzivuta zote kwa mkupuo mmoja. Siwezi kuichukulia kama orodha ya mwisho ya wahalifu. Lakini inatosha kuvunja imani kwamba kilichoshikwa na pamba ndicho kibaya na kilichopita ni hewa tu.

Kichungi cha sigara sasa kinajieleza. Ni kifungu cha nyuzi za asetati ya selulosi, na hunasa sehemu tu ya matone, takriban theluthi moja hadi nusu kwa kutegemea kilivyotengenezwa. Kaboni monoksidi na butadini hupenya bila kuguswa. Katika sigara zilizowahi kuuzwa kama "laiti", karatasi ya kichungi ina vitundu vidogo vinavyoingiza hewa ya pembeni, na mashine ya maabara, ambayo haina vidole wala midomo, huvuta moshi uliochanganywa na hewa hiyo na kusoma lami ndogo. Mvutaji hushika papo hapo palipo na vitundu. Tena mwili wake hudai nikotini yake, kwa hiyo huvuta kwa nguvu na mara nyingi zaidi. Namba ilishuka, moshi ulioingia mapafuni haukushuka kwa kiasi hicho. Wanaotegemea maji ya shisha nao wamo katika kosa lile lile: maji huyeyusha kiasi fulani cha aldehaidi na kupoza moshi, lakini benzini na kaboni monoksidi haziyeyuki humo kwa kiasi cha maana, na mkaa ulio juu ya bakuli unaongeza zote mbili.

Kuna moshi mwingine ambao onyesho la chupa haliuhesabu kabisa ingawa unapita mbele ya macho ya darasa: ule unaopanda kutoka kwenye ncha ya sigara kati ya mkupuo na mkupuo. Kaa likiwa halivutwi hupoa, huungua vibaya zaidi, na moshi wake haupiti kwenye pamba wala kichungi. Kwa kila sigara, huo una amonia na amini za saratani ya kibofu nyingi kuliko ule anaouvuta mvutaji. Wanafunzi arobaini waliozunguka meza ndio pamba yake. Onyesho lifanyike nje, mwalimu akae upande unakotoka upepo na wanafunzi wawe nyuma yake.

Na namna ya kuonyesha nusu ya pili ipo, kwa vitu vya maabara ya kidato cha pili. Kati ya pamba na chupa inayomwaga maji iwekwe chupa ndogo yenye mililita 50 za maji ya chokaa yaliyochujwa yakawa maangavu. Kizibo chake kitobolewe mara mbili. Mpira wa dripu unaotoka kwenye pamba uzame mpaka chini ya maji ya chokaa. Wa pili, unaokwenda kwenye chupa kubwa, uishie juu bila kuyagusa. Viungio vizibwe kwa nta au plastisini. Upimaji wa kuvuja ni rahisi: ziba mdomo wa sigara kwa kidole, achia maji ya chini, yakiendelea kutiririka, kuna mahali hewa inaingia. Pamba ziwe mbili zilizofuatana, na ya pili ibaki nyeupe au karibu nyeupe. Ikiwa ya kahawia, matone yamevuka na jaribio halisemi chochote.

Kwanza ivutwe hewa tupu, mistari kumi bila kuwasha sigara. Maji ya chokaa yatabaki maangavu. Ndipo sigara iwashwe na mistari kumi irudiwe. Mnamo mkupuo wa tatu au wa nne maji yataanza kuwa kama maziwa: kaboni dayoksidi imepita kwenye pamba zote mbili na kutengeneza chokaa ngumu isiyoyeyuka. Mwalimu asiongeze sigara ya pili kwenye maji yale yale, maana gesi ikizidi huyeyusha tena weupe ule na wanafunzi wataandika kwamba hakuna kilichotokea. Kaboni dayoksidi siyo sumu tunayoitafuta. Ni shahidi aliyetoka kwenye kaa lile lile, kwa mpira ule ule, akapita kwenye pamba ile ile pamoja na butadini na benzini, na tofauti yake na hizo ni kwamba yeye maji ya chokaa yanaweza kumwona.

Pamba mbili na chupa ya maji meupe ziwekwe pamoja mezani, halafu wanafunzi waulizwe kichungi kinafanana na ipi.